Karata ya mwaka 2026: tarehe moja, majibu matatu. Nishike lipi?

Mwanaisha_Tudor

Salaam wapenzi wa taroti. Nimezaliwa tarehe 7 Mei. Nataka kutandika karata za mwaka huu, ila kwanza niijue karata yangu ya mwaka, ile kubwa inayokaa katikati na zile 12 za miezi zikaizunguka. Nimepiga hesabu, na kila njia inanipa jibu lake.

Nikijumlisha siku, mwezi na mwaka kwa pamoja, 7 + 5 + 2026, napata 2038. Halafu 2 + 0 + 3 + 8 ni 13. Hiyo ni Kifo.

Nikizivunja tarakimu tangu mwanzo, 7 + 5 + 2 + 0 + 2 + 6, napata 22, na wengi 22 humpa Mjinga.

Programu niliyopakua kwenye simu inasema 4, yaani Mfalme.

Nauliza kwa sababu nina uamuzi mbele yangu. Nafanya kazi ofisi ya klearingi na mkataba wangu unakwisha Juni. Shangazi yangu ana duka la leso Biashara Street, miguu inamsumbua, anataka nilishike mimi. Mfalme ataniambia baki ulipo ujenge. Mjinga ataniambia ruka. Kifo ataniambia funga ukurasa. Hayo ni majibu matatu tofauti kwa swali moja, kwa hivyo namba si jambo dogo kwangu.

KakaFeri

Dada, zote tatu umekosea. Lazima uweke mwaka uliozaliwa. Mimi hufanya hivyo kila Januari. Ulizaliwa mwaka gani?

Mwanaisha_Tudor

1993.

KakaFeri

Basi 7 + 5 + 1993 ni 2005, na 2 + 5 ni 7. Karata yako ni Gari la Vita. Umeona? Wewe ni mtu wa kushika hatamu. Chukua duka.

BiMkubwa_Kizingo

KakaFeri, hesabu yako ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Ukitumia mwaka wa kuzaliwa unapata karata ya maisha, ambayo haibadiliki mpaka mtu anaingia kaburini. Ukiipiga Januari hii, Januari ijayo na ile ya baadaye, utapata 7 ileile. Karata ya mwaka hutumia siku na mwezi wa kuzaliwa pamoja na mwaka *tunaoishi*. Ndiyo maana inasonga.

Mwanaisha mwanangu, sasa nije kwako. Tazama vizuri namba zako: 13 ukiivunja ni 1 + 3, yaani 4. 22 ukiivunja ni 2 + 2, yaani 4. Na programu yako imekupa 4. Hazigombani, ni ukoo mmoja. Tofauti ni mahali gani kila njia inasimama. Wanaofuata elimu ya namba peke yake hupunguza mpaka ibaki tarakimu moja, kwa hivyo hawana zaidi ya 9, na programu yako imeandikwa na watu wa aina hiyo. Sisi wa karata tuna karata kubwa 22, kwa hivyo tunasimama mara tu namba inapofika 22 au chini yake. Ikizidi, kama 23, ndipo tunaivunja tena iwe 5.

Mimi nafuata ile ya kwanza, ya kujumlisha kwa pamoja. Nimeipokea kwa waliofuata mafunzo ya Angeles Arrien na Mary Greer, Wamarekani wawili walioieneza hesabu hii miaka ya 1980. Kwangu mwaka wako ni Kifo, na Mfalme amesimama nyuma yake kama mzizi.

HesabuTu

Mimi nafundisha hesabati sekondari, karata nazisoma kwa mapenzi tu. Naomba niongeze jambo ambalo sijaona likisemwa.

Kwa njia ya BiMkubwa, jumla ndogo kabisa mwaka huu ni ya aliyezaliwa 1 Januari: 2028. Kubwa kabisa ni ya 31 Desemba: 2069. Pigeni hesabu zote zilizo katikati. Hakuna anayepata chini ya 5, na hakuna anayepita 17. Maana yake ni kwamba mwaka 2026 hakuna binadamu, Mombasa wala kwingine, mwenye mwaka wa Mwezi, Jua, Hukumu, Dunia au Mjinga, wala mwenye Mfalme au Malkia. Njia ya kuvunja tarakimu mapema inaweza kufika 22, kama Mwanaisha alivyoona.

Sisemi ipi ni ya kweli. Ila mtu anayeshika njia ya kwanza ajue kwamba sehemu kubwa ya karata kubwa zimefungiwa nje kabla hajaanza.

BiMkubwa_Kizingo

Mwalimu, umesema kweli na sikupingi. Lakini tazama tunachopata badala yake. Njia hii ina mwendo. Chukua tarehe ya Mwanaisha: mwaka 2018 jumla ilikuwa 2030, karata ya 5, Kuhani Mkuu. 2019 ni 6, 2020 ni 7, na hivyo hivyo anapanda ngazi moja kila mwaka: 2025 ni 12, Aliyening'inizwa, 2026 ni 13, 2027 ni 14, Kiasi. Halafu 2028 jumla inakuwa 2040 na anashuka mpaka 6, Wapenzi, aanze kupanda upya. Ni miaka 10 ya kupanda kisha mshuko. Yule aliye karibu na mshuko anaishi mwaka tofauti na yule aliye katikati ya ngazi, hata kama karata yao ni moja.

Kwa hivyo simsomei mtu karata moja. Namwekea tatu: ya mwaka uliopita kushoto, ya mwaka huu katikati, ya mwaka ujao kulia. Kwake ni Aliyening'inizwa, Kifo, Kiasi. Mwaka jana mtu amening'inia kwa mguu mmoja, hajafanya jambo, anatazama tu. Mwaka huu kinachotakiwa kuondoka kinaondoka. Mwaka ujao malaika anachanganya maji ya vikombe viwili. Ukimsoma Kifo akiwa peke yake utatisha watu bure.

Mwanaisha_Tudor

Bi, mwaka jana wote nilikuwa nikisema "nitaamua, nitaamua". Hata shangazi alichoka kuniuliza.

Juma_Falaki

Hii yote mnazunguka. Marehemu babu yangu alikuwa hatumii tarehe kabisa. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unazihesabu kwa abjadi, unagawanya kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota yake. Dada, mama yako anaitwa nani?

BiMkubwa_Kizingo

Juma, falaki ya babu yako naiheshimu, nimekulia jirani na wenye nayo. Lakini hiyo ni nyota ya mtu kwa jina, ni elimu nyingine yenye vitabu vyake. Usimwombe mwanamke jina la mamake hadharani hapa.

Ustadhi_Majengo

Ndugu zangu, kwa mapenzi tu. Kwetu Waislamu kuna hadithi katika Sahihi Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala zake hazikubaliwi siku 40. Uamuzi wa kazi una istikhara. Sitarudi kubishana, nimefikisha.

Mwanaisha_Tudor

Shukran ustadhi, nimelisoma kwa heshima. Istikhara naisali. Karata kwangu ni za kujiuliza maswali, siziulizi ghaibu. Najua wengine hamtakubaliana nami katika hilo, na sina kinyongo.

HesabuTu

Nirudi kwenye kuchagua njia. Watu husema "angalia miaka iliyopita uone ipi ilikugusa". Tatizo ni kwamba ukiiona karata kwanza, utakumbuka yanayofanana nayo. Mwaka wowote una huzuni na furaha za kutosha kujaza karata yoyote.

Fanya hivi. Kabla ya kupiga hesabu ya miaka ya nyuma, chukua daftari uandike mwaka 2021, 2022, 2023 na 2024, kila mmoja sentensi mbili au tatu za mambo makubwa, na mwezi yalipotokea. Kisha ndiyo upige hesabu kwa njia zote mbili na uziweke karata pembeni.

Mwanaisha_Tudor

Nimeandika jana usiku kabla ya kugusa karata. Naweka kwa ufupi.

2021: mama aliugua, mimi ndiye niliyemuuguza, akapona. Njia ya kwanza inanipa 8, Nguvu. Ya pili 17, Nyota.

2022: nilipelekwa kazi Lamu, nikaishi peke yangu, Machi mpaka Desemba. Ya kwanza 9, Mtawa. Ya pili 18, Mwezi.

2023: nilirudi, cheo kikapanda, kaka akaoa, nyumba tuliyopanga ikauzwa tukahama. Ya kwanza 10, Gurudumu la Bahati. Ya pili 19, Jua.

2024: kesi ya kiwanja cha ukoo. Ilifunguliwa Februari, ikaisha Novemba. Ya kwanza 11, Haki. Ya pili 20, Hukumu.

Huo wa 2024 haunisaidii, zote mbili ni za mahakamani. Lakini ule wa Lamu, mwanamume mzee juu ya mlima, peke yake, ana taa mkononi, huo nimeuona ni wangu. Mwezi ni wa hofu na mambo yasiyoeleweka, na Lamu sikuwa na hofu. Nilikuwa na utulivu ambao sijaupata tena. Nashika njia ya kwanza.

HesabuTu

Miaka minne ni michache na mmoja haukusema kitu. Mimi ningeirudisha nyuma mpaka 2015. Ila uamuzi ni wako.

SalimLikoni

Swali la pembeni. Mimi ni 4 Machi, 4 + 3 + 2026 ni 2033, karata ya 8. Mwanaisha anasema 8 ni Nguvu. Kwangu imeandikwa VIII na kuna mwanamke ameshika mizani na upanga. Karata zangu ni za kizamani, niliachiwa na mgeni Mfaransa.

BiMkubwa_Kizingo

Una karata za Marseli, Salim. Humo 8 ni Haki na 11 ni Nguvu. Karata nyingi zinazouzwa leo zinafuata zile za London za mwaka 1909, za Waite, zilizochorwa na Pamela Colman Smith, na humo hizo mbili zimebadilishana nafasi. Namba yako ni 8 popote. Soma picha iliyo katika karata *unazotandika*, usichanganye maelezo ya huku na picha ya kule. Hili linawahusu tu wenye 8 na 11.

KadzoMtwapa

Mwaka wenyewe unaanza lini? Mwanaisha ni wa Mei. Yuko kwenye 13 tangu Januari au mpaka afikishe siku yake?

KakaFeri

Januari. Mwaka ni mwaka.

Juma_Falaki

Mwaka wa nani? Waswahili tuna Siku ya Mwaka yetu, Makunduchi wanaufanya Julai mpaka leo. Januari ni ya ofisini.

BiMkubwa_Kizingo

Hapa wasomaji wamegawanyika na hawatapatana. Wako wanaohesabu Januari mpaka Desemba kwa sababu hesabu yenyewe inatumia namba ya mwaka wa kalenda. Wako wanaohesabu kutoka siku ya kuzaliwa mpaka nyingine. Mimi natandika Januari, lakini miezi iliyo kabla ya siku ya kuzaliwa naisoma nikiwa na karata mbili mkononi. Kwa Mwanaisha, Januari mpaka mwanzo wa Mei Aliyening'inizwa bado ana sauti. Baada ya tarehe 7 Mei, Kifo ndiye mwenye nyumba. Na mkataba wake unakwisha Juni, kwa hivyo mpaka huu unamhusu sana.

Mwanaisha_Tudor

Basi nimetandika leo baada ya Isha. Nimemtoa Kifo kwenye pakiti nikamweka katikati, nikachanganya zilizobaki 77, nikazizungusha kama uso wa saa, Januari mahali pa saa 7 na Desemba juu mahali pa saa 6. Sitaweka zote 12, naweka zile zinazonisumbua.

Januari: Vikombe 5. Mei: Sarafu 4. Juni: Vikombe 8. Novemba: Kiasi.

Mwanzo nilidhani nimeelewa: Juni naondoka, basi. Lakini Sarafu 4 imenikwaza, na Novemba sijui niiweke wapi.

KakaFeri

Vikombe 8 ni mtu anaondoka kwa miguu yake. Juni. Mkataba unakwisha Juni. Unataka nini tena?

BiMkubwa_Kizingo

Polepole. Karata ya mwaka haikai katikati kama pambo. Kila mwezi unaulizwa swali moja: hapa Kifo anafanya nini? Bila hilo una karata 12 zisizojuana.

Kwanza mtazame mwenye mwaka. Mifupa iliyovaa chuma cheusi, juu ya farasi mweupe, bendera yenye waridi jeupe. Mfalme yuko chini, taji limemtoka. Msichana amegeuza uso. Askofu amesimama mbele, anaomba. Mtoto peke yake ndiye anayemtazama farasi bila kuogopa. Nyuma kuna mto na chombo kinasafiri, na jua kati ya minara miwili. Hao wanne ni namna nne za kupokea jambo linalokwisha. Ule mzizi wako, Mfalme, ndiye aliyelala chini. Kwa hivyo swali la mwaka wako si kama jambo litakwisha. Ni utalipokea ukiwa nani kati ya hao.

Januari, Vikombe 5: mtu mwenye joho jeusi anatazama vikombe vitatu vilivyomwagika, viwili viko wima nyuma yake hajaviona. Huu bado ni mwezi wa Aliyening'inizwa. Unahesabu ulichopoteza kwa kuchelewa kuamua.

Mei, Sarafu 4. Huyu amekumbatia sarafu moja kifuani, moja iko kichwani, mbili amezikanyaga. Hawezi kupoteza kitu, na hawezi kuinuka. Imeanguka mwezi uleule ambao Kifo anaingia. Ndiye yule mfalme kabla hajaanguka. Jiulize mwezi huo unang'ang'ania nini: mshahara wa mwisho wa mwezi, cheo, au jina la ofisi unapojitambulisha?

Juni, Vikombe 8. KakaFeri yuko sawa kwamba mtu anaondoka. Lakini tazama vikombe. Vimepangwa vizuri, vyote viko wima, hakuna kilichovunjika. Safu ya juu tu ina pengo. Anaacha kitu kizima chenye upungufu. Na karata haisemi anakwenda wapi. Inaweza kuwa duka, inaweza kuwa kuacha ofisi *na* kumkatalia shangazi. Usiiongezee lisilokuwemo.

Mwanaisha_Tudor

Hilo la mwisho sikuwahi kulifikiria. Kumkatalia shangazi nilikuwa siliweki hata mezani.

BiMkubwa_Kizingo

Sasa Novemba. Kiasi ni 14, na 14 ndiyo karata yako ya mwaka 2027. Karata ya mwaka ujao ikijitokeza ndani ya miezi ya mwaka huu, mimi naisoma kwamba kazi ya mwaka ujao inaanza mapema, hapo. Malaika ana mguu mmoja majini na mmoja nchi kavu. Mwezi huo usitafute kuanza jambo jipya. Tafuta kipimo.

HesabuTu

Swali kwa BiMkubwa. Mwanaisha amemtoa Kifo kwenye pakiti, kwa hivyo hakuwa na nafasi ya kutokea mwezi wowote. Kama angemwacha ndani, nafasi ya karata moja fulani kuwa miongoni mwa 12 kutoka 78 ni 2 kati ya 13. Si ndogo. Mwezi ambao angeangukia ungekuwa na uzito kuliko yote. Kumtoa ni kulipoteza hilo.

BiMkubwa_Kizingo

Kweli, na wapo wanaomwacha ndani, katikati wakaweka karatasi yenye jina lake tu. Mimi nataka kumwona mbele yangu nikisoma. Mwenye pakiti mbili zinazofanana amepata yote: moja ya katikati, moja ya kutandika.

KadzoMtwapa

Na mama yangu je? Kitambulisho chake kinasema 1 Januari, kama wenzake wote waliosajiliwa siku moja kijijini. Alizaliwa wakati wa masika, siku haijulikani. Kwa 1 Januari anapata 12, na nimejaribu njia zote mbili, zote zinasema 12. Lakini tarehe yenyewe ni ya karani.

KakaFeri

Tumia ya kitambulisho. Ameishi nayo, amepiga kura nayo, imekuwa yake.

BiMkubwa_Kizingo

Mimi sikubali, Kaka. Masika si Januari, hilo analijua yeye mwenyewe. Kadzo, kwa wasio na tarehe mimi huzitenga karata kubwa 22, mwenyewe anazichanganya, anachomoa moja, ikawa ndiyo ya mwaka. Ila hiyo haina ngazi. Hutajua ya mwaka jana wala ya mwaka ujao, na ile kazi ya karata tatu haipo.

Juma_Falaki

Jina lake na la mama yake anavijua. Ndiyo nilichokuwa nikisema.

KadzoMtwapa

Nitamwekea pakiti mbele yake Jumapili achague mwenyewe: tarehe ya karani au kuchomoa. Nitaandika hapa alichosema.

Mwanaisha_Tudor

Nimebandika picha ya mtandiko kwenye daftari. Mwisho wa kila mwezi nitaandika kilichotokea kabla ya kutazama tena karata ya mwezi huo, kama Mwalimu alivyoshauri kwa miaka ya nyuma. Na Sarafu 4 nimeanza nayo leo: nimemwomba shangazi hesabu za duka za mwaka jana, kodi, deni la wenye mizigo na yote, ndipo nimpe jibu lolote.